Nyongeza za Spa Zipimwe kwa Dakika: Kupanga Menyu Inayoongeza Mapato Bila Kumpunja Mteja

Utangulizi

Mada hii inahusu nyongeza, yaani huduma ndogo anayoichukua mteja juu ya masaji aliyoijia. Mfano wangu ni spa ya Zanzibar, na bei nitakazotaja ni za kukokotolea tu. Hoja yangu ni moja: kila nyongeza iandikwe kwenye menyu pamoja na bei yake kamili na dakika zake.

Aina mbili za nyongeza

Tuseme masaji ya dakika 60 ni shilingi 80,000. Nyongeza ya kwanza ni kupakwa mafuta ya nazi miguuni na kufungwa taulo la moto, kwa shilingi 15,000. Miguu hufungwa kabla saa haijaanza kuhesabiwa, kisha mkandaji anaendelea na mgongo. Hakuna kilichopunguzwa.

Nyongeza ya pili ni singo ya mgongo, ambayo huchukua dakika 20 pamoja na kuifuta. Ukiibana ndani ya zile 60, mgongo na miguu vitakandwa kwa dakika 40 tu, na mteja atakuwa amelipia dakika zilezile mara mbili. Kwa hiyo menyu iseme: dakika 80.

Hesabu ya chumba

Kupandisha masaji hadi dakika 90 kwa shilingi 110,000 kunaonekana faida tupu. Lakini kila mteja akitoka, chumba huhitaji dakika 15 za kubadilisha mashuka. Kwa siku ya saa 8, chumba kimoja huhudumia wateja 6 wa dakika 60, sawa na shilingi 480,000. Wakiwa wote wa dakika 90, wanaingia 4 tu, sawa na 440,000. Wastani kwa mteja umepanda, ila droo ya jioni imepungua. Basi dakika 90 zipendekezwe saa za asubuhi chumba kikiwa kitupu. Jioni ya foleni, pendekeza taulo la miguu.

Wakati wa kuuliza

Swali liulizwe mapokezi, mteja akiwa amevaa nguo zake na menyu iko mkononi. Aliyelala kitandani hukubali kwa haya, kisha hushtuka kwenye malipo. Mgeni aliyeungua na jua, au aliyenyoa miguu asubuhi hiyo, asiuziwe singo kwenye ngozi hiyo, hata akiiomba. Mwambie sababu, naye atakuamini utakapompendekezea kitu kingine.

Hitimisho

Napendekeza daftari la mapokezi liwe na safu mbili mpya: wateja waliohoji bili, na wateja waliorudi wakaagiza nyongeza ileile wenyewe. Safu ya kwanza ikijaa, rekebisheni menyu hata kama mauzo yanapanda. Ya pili ikijaa, nyongeza hiyo ina thamani ya bei yake.