Mayai Kumi ya Wiki ya Kwanza
(Barua ya mwalimu wa mapishi, iliyosomwa mbele ya wanafunzi wapya)



Wanangu na binti zangu, mliotoka Kitui na Mwingi, na nyinyi mliovuka kutoka Wote na Kibwezi, karibuni. Najua wengi wenu mmekuja na hamu ya pilau na biriani. Pilau itakuja. Wiki hii ya kwanza kila mmoja atapewa mayai kumi, na atayapika kwa njia tano, mawili kwa kila njia: kuchemsha na ganda, kutokosa bila ganda, kukaanga jicho, kuvuruga, na kimanda.

Mtaniuliza, kwa nini yai? Sote tumekulia nyumba za muthokoi. Muthokoi unasubiri. Ukienda kisimani ukarudi, utaukuta bado unatokota na hakuna kilichoharibika. Yai halisubiri. Ute wake huanza kushika kwenye joto la nyuzi 62 hivi, na kiini kati ya 65 na 70. Ukiliacha muda mrefu juu ya moto mkali, ute unakuwa mpira na kiini kinakuwa unga. Kati ya yai zuri na yai lililoharibika pana dakika moja, pengine nusu. Kwa hiyo yai ndilo litakalowafundisha kuutawala moto wa jiko la makaa, na mkiutawala huo, mengine ni mepesi.

Kabla ya kuwasha jiko, shikeni mambo mawili.

La kwanza, lijue yai lako. Litie ndani ya bakuli la maji baridi. Likilala chini kabisa, ni jipya. Likisimama wima chini ya maji, limekaa siku nyingi lakini huenda bado linafaa. Likielea, litupe. Sababu ni kwamba ganda lina vitundu vidogo mno, na kila siku maji kidogo hutoka na hewa huingia. Lakini jaribio hili linakuonyesha umri tu. Halikuonyeshi vijidudu.

La pili, kila yai livunjwe peke yake ndani ya kikombe, ndipo limwagwe kwa wenzake. Kuku wetu wa kienyeji wanatembea na jogoo, na yai lenye mbegu likikaa kwenye joto la Kibwezi siku kadhaa, kifaranga huanza kuumbika ndani. Yai moja bovu likimwagwa juu ya mazima matano, yote sita yamekwenda, na pengine ndiyo yaliyokuwa mboga ya nyumba nzima usiku huo.

Sasa tuanze na njia ya kwanza, KUCHEMSHA NA GANDA. Mimi nilijifunza kupika Mombasa, kando ya bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Huko nilizoea dakika 6 kwa yai lenye kiini laini, na 11 kwa yai gumu. Nilipohamia Kitui niliwapikia wageni mayai laini kwa saa ile ile, na walipoyavunja, ute wa karibu na kiini ulikuwa bado maji maji. Niliona haya sana. Kumbe Kitui iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na maji hapa huchemka kwa takriban nyuzi 96. Yanatokota vile vile machoni, ila joto lake ni pungufu. Basi hapa ongezeni dakika moja: 7 kwa laini, 12 kwa gumu. Hayo ni kwa yai kubwa la dukani. La kienyeji ni dogo, punguzeni dakika moja, na mtajikuta mmerudi kwenye saa yangu ya Mombasa.

Tieni yai kwa kijiko taratibu ndani ya maji yanayochemka, hesabuni dakika, kisha lihamishieni kwenye maji baridi mara moja. Mkiliacha kwenye maji ya moto linaendelea kuiva. Mkilikata mkaona duara la kijani kibichi kuzunguka kiini, ujumbe wake ni mmoja: limepitiliza. Halina sumu, ila mpishi amelala. Na likikataa kumenyeka, msijilaumu sana. Yai la jana hung'ang'ania ganda. La kuchemsha liwe limekaa wiki moja hivi.

Neno kwa ajili ya daku. Watu wengi huchemsha mayai jioni na kuyaacha mezani mpaka alfajiri, wakidhani yai lililopikwa linadumu kuliko bichi. Ni kinyume chake. Kuchemsha kunaondoa utando unaolinda ganda, na penye ufa vijidudu vinapita. Kama hamna friji, chemsheni saa ile ile ya daku.

Njia ya pili ni KUTOKOSA BILA GANDA. Hapa mambo yanageuka: safari hii tunataka yai jipya kabisa. Ute wa yai jipya umeshikamana, na ute wa yai lililokaa ni mwepesi kama maji, ukigusa sufuria unatawanyika nyuzi nyuzi. Wekeni maji yenye kina cha vidole vinne, na kijiko kimoja cha siki ili ute ushike upesi. Maji yakichemka, punguzeni moto mpaka yaache kuruka na yabaki yakitoa vipovu vidogo tu chini. Yakiruka, yatalirarua yai. Teremsheni yai kutoka kwenye kikombe, mdomo wa kikombe ukigusa maji. Ngojeni dakika 4. Liinueni kwa kijiko cha matundu na mliguse kwa kidole: ute uwe imara, kiini kibonyee.

Njia ya tatu, KUKAANGA JICHO. Hili mnadhani mnalijua. Wengi tunalikaanga kwenye mafuta yanayotoa moshi, pembeni linakuwa kahawia na kavu kama karatasi, na juu ya kiini ute bado unateleza. Moto umelipiga chini tu. Dawa yake: kijiko kimoja cha mafuta, kikaango kiwe na moto wa wastani, na yai likiingia litoe sauti ndogo, lisipige kelele. Chini pakishashika, tieni kijiko kidogo cha maji pembeni na mfunike kwa dakika moja. Mvuke utaivisha juu. Kwenye jiko la makaa hakuna kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo tandazeni majivu juu ya makaa, au ondoeni makaa mawili matatu. Jifunzeni hilo leo, maana njia ya nne haiwezekani bila hilo.

Njia ya nne ni KUVURUGA, na hapa nitawasimulia kisa. Mwanafunzi mmoja wa miaka iliyopita alipewa mayai kumi na mawili awapikie wenzake. Alikaanga kitunguu, akatia nyanya nne zilizokatwa, mara akamwaga mayai, akakoroga juu ya moto mkali mpaka yakakauka vizuri. Akapakua. Alipofika mezani, kila sahani ilikuwa na maji mekundu yanayoelea, na mayai yamekuwa punje ngumu kama mchanga. Alilia, masikini, akadhani nyanya zilikuwa mbovu.

Tukakaa naye tukatafuta kosa, tukayakuta matatu. Nyanya zilikuwa na maji yake, na hakuyakausha kwanza. Moto ulikuwa mkali, na yai likipata joto kupita kiasi hujikaza kama mtu anavyokamua nguo, likatema maji yake mwenyewe. Tena aliyaacha jikoni mpaka yakaiva kabisa, akasahau kwamba sufuria yenye moto inaendelea kupika hata ikiteremshwa.

Siku ya pili alirudia. Nyanya alizipika peke yake mpaka zikakauka na mafuta yakajitenga, akazitoa na kuziweka kando. Akatia majivu juu ya makaa. Mayai akayapiga na chumvi, akayamwaga, akayavuta taratibu kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati. Yalipokuwa bado yanang'aa kidogo akateremsha sufuria, akachanganya zile nyanya, akakoroga mara chache juu ya meza. Yaliiva hapo hapo. Sahani zilikuwa kavu, na mayai laini. Mayai yalikuwa yale yale na jiko lile lile.

Ya tano, KIMANDA. Nimeiweka mwisho kwa sababu inataka kinyume cha ile ya nne: moto wa juu na mkono mwepesi. Mayai mawili au matatu, kikaango cha upana wa shubiri moja. Pigeni kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike, msipige mpaka povu. Mafuta yakipata moto vizuri mwageni, vuteni pembeni mara tatu nne ili lililo bichi lipate kushuka chini, kisha acheni litulie. Kunjeni juu pakiwa bado pamelowa kidogo. Joto la ndani litamaliza kazi. Haizidi dakika mbili. Mkijaza vitunguu na hoho mbichi kikaango kizima, kitapasuka wakati wa kukunja. Vijazo viive kwanza, na viwe vichache.

Tahadhari moja ya kumalizia. Kiini laini si cha kila mtu. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee na mgonjwa, wapikieni yai mpaka kiini kishike kabisa, kwa sababu yai zuri kwa macho linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na watu hao ndio vinaowaangusha. Kwao mayai ya kuvuruga nayo yapikwe mpaka yaache kung'aa, hata yakipungua ulaini. Afya yao ndiyo ya kwanza.

Basi Jumatatu kila mmoja aje na kikombe, saa, na daftari. Andikeni dakika mlizotumia, aina ya yai, na jinsi moto ulivyokuwa. Lililoharibika msilifiche, lileteni mezani pamoja na lililofaulu, tulikate tuone lilikosea wapi. Nitayaonja yote, mabaya na mazuri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Mwalimu wenu wa jikoni