Kutoka Kadi hadi Hendikapu: Kazi ya Slopu



Mada hii inamfuata mchezaji mmoja wa mfano, kuanzia kadi yake hadi mikwaju atakayopewa mashindanoni. Tunatumia mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 chini ya R&A na USGA.

1. Kadi

Mchezaji wetu amemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 98. Kwenye shimo moja la pa 4 alipiga 10. Hapo anapewa mkwaju mmoja wa hendikapu, hivyo kikomo chake ni pa, kuongeza mbili, kuongeza huo mmoja: 7. Mitatu inafutwa, inabaki 95.

Tii aliyoanzia ina ukadiriaji 71.2, yaani mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji wa skrachi, mwenye hendikapu sifuri. Slopu yake ni 128. Siku hiyo hali ya hewa haikudai marekebisho.

(113 ÷ 128) × (95 − 71.2) = 21.0

Hiyo ndiyo tofauti ya kadi hiyo. Katika kadi 20 za mwisho, tofauti 8 ndogo kabisa ndizo zinazotafutiwa wastani. Zake zina jumla ya 147.2, hivyo indeksi ni 18.4. Kadi yetu ya 21.0 haikuingia katika hizo nane. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "sifikii hendikapu yangu kila wiki" hajaonewa: indeksi hupima siku zake nzuri.

2. Slopu

Wengi hudhani slopu ni ugumu wa uwanja. Sivyo. Huonyesha ugumu unavyoongezeka kwa mchezaji wa bogi kuliko kwa yule wa skrachi. Huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Ugumu wa skrachi umo kwenye ukadiriaji.

3. Siku ya mashindano

Mchezaji wetu anakwenda uwanja mwingine: pa 72, ukadiriaji 73.5, slopu 135.

18.4 × (135 ÷ 113) + (73.5 − 72) = 23.48

Hiyo ni hendikapu ya uwanja. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja ya kuhesabu mikwaju, posho ni asilimia 95: anapata 22.3, yaani mikwaju 22. Kwenye uwanja wake wa nyumbani, wenye pa 72, akianzia tii ile ile ya kadi yetu, angepewa 19.

Mwenye indeksi 0.0, slopu haimwongezei kitu, kwa sababu sifuri hubaki sifuri. Kwenye uwanja wa mashindano anapata 1.5 tu itokanayo na ukadiriaji, kabla ya posho.

4. Kosa la kuchunga

Ukadiriaji na slopu ni vya tii, wala si vya uwanja mzima. Aliyecheza tii za mbele akaandikiwa namba za tii za nyuma hupata tofauti ndogo isiyo yake, na indeksi hushuka isivyostahili. Dalili yake ni kadi moja inayoachana mno na zilizoitangulia. Kabla ya kumsifu mchezaji, muulizeni alianzia tii ipi.