Sanduku la Miezi Kumi na Miwili



Mnamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Mtoto alikaa mbali naye, huko Shilo, na kila mwaka mama alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Nadhani kila aliposhika sindano alijiuliza, "Sasa amekuwa mrefu kiasi gani?"

Mimi nilikuwa nimeacha kujiuliza. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu pale Kisumu, alifiwa na mumewe mwezi wa Agosti, na mwaka uliofuata akahamishiwa Lodwar. Mwanzoni tuliandikiana kila mwezi. Baadaye ikabaki barua moja tu ya Krismasi. Niliona haya. Kutuma kifurushi kila mwezi kulinishinda kwa nauli, basi nikachukua katoni moja, nikatia ndani vifurushi 12 vya karatasi ya kaki, kila kimoja na jina la mwezi wake, Desemba chini na Januari juu. Katoni ikapanda basi kupitia Kitale, nauli mara moja.

Nilikosea. Sabuni niliilaza karibu na majani ya chai, nayo chai hushika harufu upesi. Aprili mwenzangu alikunywa chai yenye harufu ya maua! Mafuta ya kujipaka nayo yaliyeyuka kwa joto la Lodwar, yakaloweka bahasha ya Juni. Tena mimi mwenyewe, ilipofika Mei, nilikuwa nimesahau nilichotuma, na sanduku likawa kama duka lisilo na mwenyewe.

Mwaka wa pili chai niliitia katika mkebe wenye kifuniko cha kukaza. Vingine vilikuwa vitu visivyoharibika: uzi na sindano, kalamu, picha ya kwaya yetu, na katika mwezi mmoja bahasha yenye stempu, ili asikose njia ya kunijibu. Orodha nikaiweka ndani ya Biblia yangu. Kila tarehe mosi nilijua anafungua nini, na siku hiyo nilimwombea.

Kifurushi cha Agosti kilinisumbua sana. Kwanza nilitaka kutia kitu cha kumchekesha, apate kusahau. Nikakitoa. Nikatia kitambaa cha mkono na barua fupi, nikalitaja jina la mumewe, na jinsi alivyoimba besi, akitangulia mbele ya kwaya nzima kwa sababu hakuwa na subira.

Alinijibu kwamba watu wa kule walikuwa wema kwake, lakini mwezi ule hakuna mwingine aliyelitaja jina hilo. Aliisoma barua, akaifunga tena pamoja na kitambaa katika karatasi ile ile, ili aifungue tena kesho yake.

Tuombe. Ee Bwana, uwe karibu naye anayefungua leo kifurushi cha mwezi huu. Amina.