Jibu la Dakika Nzima, Tafsiri ya Sekunde Tano

Msikilizaji, tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni huko Unguja inayotafuta fundi wa majokofu. Meneja ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo". Usaili ni wa Kiingereza, na anayekwama anaambiwa, "Sema tu Kiswahili, huyu dada wa utumishi atatutafsiria." Ni ukarimu, lakini hapo ndipo haki huanza kupotea bila mtu yeyote kukusudia.

Swali ni hili: chumba cha baridi kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 2 na 4, sasa kimesimama kwenye 8 na hakishuki. Utaanzia wapi?

Fundi anajibu kwa dakika nzima. Anasema ataangalia kwanza kama feni ya ndani inazunguka na kama koili imeganda barafu. Ikiwa imeganda, hagusi gesi, maana barafu ndiyo inayozuia hewa kupita. Atayeyusha, kisha atafute kwa nini mfumo wa kuyeyusha barafu haukufanya kazi, pengine ni hita, pengine ni taima. Koili ikiwa safi, ndipo atafunga geji apime presha.

Dada wa utumishi anamgeukia meneja: "Anasema anaangalia feni na gesi."

Sekunde tano. Na karatasi ya alama ilikuwa inatafuta jambo moja hasa, kama fundi anajua kuondoa shaka ya barafu kabla ya kukimbilia gesi. Kuongeza gesi kwenye mfumo usio na upungufu ni kosa la mwanagenzi. Kwa hiyo neno lililoangushwa njiani, "hagusi", ndilo lililobeba alama zote. Meneja anaandika 2 kati ya 5 na dhamiri yake ni safi kabisa, kwa kuwa amepima alichosikia.

Simlaumu yule dada. Kazi yake ni mikataba na likizo, hajui koili wala geji, na hakuna aliyempa maswali mapema ayasome. Tena yumo kwenye jopo, naye ana alama zake za kutoa, kwa hiyo anasikiliza huku anahukumu, na anayehukumu hufupisha. Mkalimani asiwe mmoja wa wasaili. Jana yake apewe maswali na majina ya vifaa, ila majibu yanayotarajiwa asipewe, maana akiyajua atamsaidia fundi kuyafikia bila kujitambua. Aseme kwa nafsi ya kwanza, "Naangalia feni", kama vile yeye ndiye fundi. Ukishaanza "anasema kwamba", mlango wa kufupisha umefunguka. Na fundi aambiwe mapema avute pumzi kila baada ya sentensi mbili tatu.

Meneja asiyejua Kiswahili ana kipimo kimoja asichohitaji kufundishwa, nacho ni saa. Jibu refu likirudi fupi namna ile, asiandike namba. Aseme, "Naomba yote, kipande kwa kipande." Kwa utaratibu huo kila kitu kinasemwa mara mbili, na nusu saa iliyotengwa haitoshi. Wengi hapo hupunguza maswali, kumbe ndiyo njia mbaya zaidi: huyu amepimwa kwa maswali matano, mwenzake kwa manane, halafu unawalinganisha vipi? Ongeza muda, maswali yabaki yaleyale.

Tatizo jingine liko kwa mwenzake huyo. Yeye anamiminika Kiingereza: anafanya kazi kwa bidii, anapenda timu, anafuata taratibu zote za usalama. Barafu hakuitaja. Lakini amestarehesha masikio ya jopo, na mtu aliyekustarehesha ni rahisi kumwona mwerevu. Dawa yake ni ya kikarani tu: kila msaili aandike kwanza alichosema msailiwa, kisha atoe alama kwa kila swali peke yake, kabla ya jopo kuanza kuzungumza. Ukirudia karatasi, utaona upande mmoja pameandikwa "barafu, hita, taima, kisha geji", na upande wa pili "anajiamini".

Hotelini kuna watu watakaosema, "Lakini Kiingereza anakihitaji." Kweli, kiasi. Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza, na misimbo ya hitilafu inasomwa kwenye kioo. Basi mpe ukurasa mmoja wa kitabu hicho, aonyeshe kwa kidole kwenye mashine yenyewe ukurasa huo unamtaka afanye nini. Hiyo ipewe alama yake, tena hapo tu. Kwenye karatasi nyingi kuna mstari wa "mawasiliano", na fundi aliyekwisha kupoteza alama kwa lugha kwenye kila swali hukatwa tena pale. Kwa kazi ambayo siku nzima atazungumza na mafundi wenzake wa Kiswahili, mimi mstari ule ningeufuta.