Kumbukumbu za Mazungumzo na Mtoto: Zinavyoandikwa Ili Mzazi Aweze Kuzisoma

Maandishi ya mada kwa wakazi wa kata



Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Taarifa hiyo humfikia Afisa Ustawi wa Jamii, naye hukaa na mtoto, humsikiliza na huandika. Karatasi hiyo haibaki kabatini milele. Huweza kuitwa mahakamani katika shauri la matunzo, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtu anaweza kuomba kuziona taarifa zinazomhusu. Afisa mwenye busara huandika akijua kwamba mama au baba wa mtoto huenda siku moja akaisoma karatasi hiyo neno kwa neno.

Uchukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya mada hii. Binti wa miaka 9, mwanafunzi wa darasa la tatu, anaishi na mama yake na baba mdogo. Mwalimu ameona alama mkononi mwake, na jirani mmoja naye amepeleka taarifa ofisini. Afisa asiye makini angeandika hivi: “Mtoto amekiri kupigwa vibaya na baba mdogo. Mama ni mzembe na hana ushirikiano. Jirani wa ukuta mmoja anasema kelele husikika kila usiku.” Ni sentensi tatu tu, na kila moja ina hatari yake.

Neno “amekiri” ni la mkosaji. Mtoto aliyepigwa hana kosa la kukiri. Wala “amedai” halifai, kwa kuwa linamwambia msomaji kwamba mwandishi hakuamini alichosikia. “Amesema” linatosha, nalo halimhukumu mtu. Yafuate maneno yenyewe ya mtoto, hata kama ni ya kitoto, na liandikwe pia swali lililoyazaa. Mtoto akiulizwa, “Baba mdogo alikupiga, sivyo?” na akatikisa kichwa, jibu hilo halina uzito, maana limetoka kinywani mwa muulizaji. Swali lisipoandikwa, wakili wala hakimu hawezi kujua kama mtoto alisimulia mwenyewe au alielekezwa.

“Mzembe” ni hukumu, na mama akiisoma ataacha kuja ofisini, hali mtoto bado anamhitaji. “Hana ushirikiano” nalo halimwambii msomaji lolote. Kilichotokea ni kwamba mama aliitwa mara mbili: mara ya kwanza hakufika, mara ya pili alifika saa 4:40 badala ya saa 4:00, akaeleza kwamba alikuwa sokoni akiuza mboga. Yakiandikwa hayo, mama mwenyewe hawezi kuyapinga, na msomaji mwingine atapima mwenyewe. Ni hivyo hivyo kwa “kila usiku”. Hakuna aliyehesabu. Daftari la mahudhurio la shule, kwa upande wake, linahesabika: siku 6 za kutofika kati ya 20.

Sentensi ya jirani ndiyo ya hatari kuliko zote. Jina lake halikutajwa, lakini nyumba ngapi zina ukuta mmoja na nyumba hiyo? Baba mdogo hatahitaji kukisia. Mtoa taarifa hufichuka kwa jina, na hufichuka vilevile kwa mahali alipokuwa, saa aliyosikia na kazi anayofanya. Kwa hiyo katika kumbukumbu za mazungumzo huandikwa tu kwamba ofisi ilipokea taarifa. Maelezo ya mtoa taarifa huwekwa kwenye karatasi ya siri iliyotengwa ndani ya jalada hilo hilo, na jalada likiombwa, karatasi hiyo haitolewi pamoja na nyingine. Hili si kuwa na majalada mawili, moja la kuonyesha na jingine la kuficha. Mazoea hayo huharibu shauri zima siku yanapogundulika.

Kumbukumbu za kikao hicho, zikiandikwa siku hiyo hiyo na kuwekwa tarehe na sahihi, zingeweza kuwa fupi kama hivi:

“Jumanne, saa 3:20 hadi 3:55 asubuhi, chumba cha ushauri shuleni. Waliokuwepo: mtoto na Afisa Ustawi wa Jamii. Kilichoonekana: mistari miwili sambamba ya rangi ya zambarau, takriban sentimita 6 kila mmoja, upande wa nje wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Sehemu zilizofunikwa na nguo hazikukaguliwa. Aliulizwa: ‘Nieleze kuhusu mkono huo.’ Alisema: ‘Baba mdogo alinichapa na waya, nilimwaga maji.’ Aliulizwa: ‘Ikawaje baadaye?’ Hakujibu, alitazama chini. Maoni ya afisa: alama na maelezo ya mtoto vinahitaji uchunguzi wa daktari leo. Sababu ya kutofika shule haijajulikana. Hatua: saa 4:15 Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lilijulishwa, ili mtoto apatiwe fomu namba 3 ya polisi na kupelekwa kituo cha afya.”

Kilichoonekana kimetengwa na kilichosemwa, na maoni ya afisa yamepewa jina lake. Afisa hakuandika kwamba alama ni za waya, kwa kuwa hilo ni la mtoto kusema na la daktari kuthibitisha. Hakuandika pia kwamba ni za siku tatu zilizopita: rangi ya chubuko haitoshi kueleza lilipatikana lini, hata kwa macho ya daktari. “Alitazama chini” ni jambo lililoonekana. “Aliogopa” ingekuwa tafsiri.

Litaulizwa swali: je, maneno ya mtoto dhidi ya baba mdogo hayatamletea kipigo kingine mama atakapoyasoma? Huenda yakamletea, lakini dawa yake haiwezi kuwa kuyafuta. Kumbukumbu zilizopunguzwa makali ili kumridhisha mzazi zitamwacha mtoto bila ushahidi mahakamani. Kinachomlinda ni mpangilio wa hatua: daktari na polisi kwanza, kisha uamuzi wa mahali atakapolala usiku huo, na baada ya hapo ndipo mzazi huelezwa. Mtoto akisema, “Usimwambie mama,” afisa hamwahidi siri asiyoweza kuitunza. Humweleza ni nani lazima ajue na kwa nini. Mtoto akipelekwa kwa shangazi, jina na mtaa wa shangazi huyo huandikwa kwenye karatasi ya siri.

Yapo pia mambo ya kweli yasiyostahili kuandikwa kabisa. Hali ya afya ya mama, ugomvi wake na wifi zake, au deni lake dukani, kama hayahusu usalama wa mtoto, hayana kazi katika karatasi hiyo.

Mzazi akisoma na kuona kosa, anayo nafasi ya kuomba masahihisho. Kosa la ukweli, kwa mfano saa au umri, hukatwa kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, na pembeni huwekwa sahihi na tarehe. Wino mweupe hautumiki. Mzazi asipokubaliana na alichosema mtoto, maneno ya mtoto hayaguswi. Maelezo ya mzazi huandikwa chini yake kwa maneno yake mwenyewe, na yeye hutia sahihi. Asiyejua kusoma husomewa maelezo yake polepole kabla ya kuweka dole gumba.