Mtoto Aliyekatwa Utumbo na Chakula cha Mshipa

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyeondolewa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba.

Tuchukue mfano wa mtoto wa wiki mbili. Alianza kutapika matapishi ya kijani, kisha tumbo likafura. Alipofanyiwa upasuaji, madaktari walikuta utumbo umejisokota na kukosa damu. Sehemu iliyokufa ikakatwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na utumbo mwembamba wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Huyu alibaki na sentimita 40.

Mama yake akauliza, "Daktari, mbona ananyonya vizuri na bado anakonda?" Chakula huingia mwilini kupitia kuta za utumbo mwembamba. Ukiwa mfupi, maziwa hupita mbio na kutoka kama kuhara kabla mwili haujayachukua. Ukimwongezea maziwa mengi kwa mara moja, atahara zaidi.

Ndiyo maana hulishwa kwa mshipa. Mrija laini hupitishwa katika mshipa mkubwa wa damu, shingoni au kifuani, hadi karibu na moyo. Humo hupita polepole maji yenye sukari, protini, mafuta, vitamini na madini. Hii si ile dripu ya kawaida ya maji na chumvi, ambayo haiwezi kumkuza mtoto.

Je, aache kunyonya? La. Daktari akisharuhusu, apewe maziwa ya mama kidogo kidogo, hata kijiko kimoja cha chai kwa wakati. Chakula kinachopita ndani ndicho kinachouamsha utumbo uliobaki ukue na kujifunza kazi. Jambo hili huchukua miezi, pengine miaka. Akiongeza uzito na kuhara kukipungua, chakula cha mshipa hupunguzwa hatua kwa hatua. Wako watoto ambao hawafiki kukiacha kabisa.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Mrija ule ni njia ya moja kwa moja hadi kwenye damu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na usiufungue mrija kama hukufundishwa. Joto likifika digrii 38, au akitetemeka au kulegea, usiseme ni meno au malaria, wala usimpe dawa ya homa ukangoja asubuhi. Kama mko wodini, mwite muuguzi papo hapo. Kama mko nyumbani, rudini hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, mkaseme, "Mtoto ana mrija wa mshipa mkubwa na ana homa." Damu yake itapimwa vijidudu na ataanzishiwa dawa bila kuchelewa.

Angalia pia macho yake kila siku. Yakigeuka manjano, mwambie daktari, kwani chakula cha mshipa kikitumika kwa muda mrefu huweza kudhuru ini.