Kufupisha Mafunzo ya Kinasa Sauti



Tukiletewa mafunzo ya Kiingereza katika kinasa sauti, mara ya kwanza twasikiliza tu bila kuandika. Mara ya pili twaandika maneno ya kazi na majina ya mahali, pamoja na dakika yaliposemwa. Kufupisha huja mwisho.

Neno lililotutesa ni "reli". Kwa mazoea yetu reli ni chuma, ni njia nzima, tena ni Shirika lenyewe; Kiingereza kina neno mbali kwa kila moja. Basi msemaji alisema chuma kimepasuka, nasi tukaandika "reli imeharibika". Wenzetu wakauliza: kibadilishwe chuma, au ni mataruma na kokoto? Hatukuwa na jibu, ikatubidi kurudi kwenye dakika ile. Tangu hapo kwetu reli ni chuma tu. Vyuma, mataruma na kokoto kwa pamoja ni njia. Hata msemaji akigeuza neno lake, letu halibadiliki.

Majina hayafasiriwi. Athi River ni stesheni, iko upande wa Machakos. Ukiandika "Mto Athi", mtu wa Kitui au Makueni atadhani ni ule mto upitao kati yao. Nako Emali kuna stesheni mbili: ya njia ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, na ya njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, milimita 1,435. Msemaji asipotaja ni ipi, twaandika "haikutajwa", wala hatubahatishi.